Jana Iliniahidi

Wiki hii safu yetu inaleta hadithi ya sokoni. Wahusika wake ni wa kubuni, lakini kilichomfika Bi Zuhura kinaweza kumfika yeyote mwenye simu na biashara ndogo.

Bi Zuhura anauza nafaka na viungo Magomeni, jijini Dar es Salaam. Kwa miaka 19 bei zake zilikaa kichwani. Daftari alikuwa nalo, ila ni la manunuzi: kila gunia alilolitoa Tandale liliandikwa humo, kwa tarehe na kwa thamani yake. Bei ya kuuzia hakuiandika kamwe. Mteja akiuliza, yeye hujibu papo hapo, rejareja au jumla, wala hababaiki.

Mambo yalibadilika pale mama yake mzazi alipoanza kwenda kliniki mara kwa mara. Siku za kliniki meza hushikwa na binti yake, Mwajuma, naye Mwajuma hajui iliki inauzwaje kwa robo wala bei ya mchele inaanza kushuka mteja akifikisha kilo ngapi. Mara mbili aliuza kwa bei ya kubahatisha. Ndipo mpwa wake Bi Zuhura, Idrisa, mwanafunzi wa chuo cha uhasibu, alipomwekea katika simu programu moja ya akili mnemba, ile ambayo mtu huiandikia au kuisemesha kwa Kiswahili nayo ikamjibu kwa maandishi.

Jumanne, baina ya alasiri na magharibi, Bi Zuhura aliketi nyuma ya magunia akaisomea programu bei zake zote, bidhaa 41, kila moja na bei ya rejareja na ya jumla. Ilimchukua karibu nusu saa. Alipomaliza aliiagiza izitunze bei hizo, kwa kuwa atazihitaji kesho na siku zote. Jibu lilikuja kwa adabu kubwa: imezihifadhi, itazikumbuka, na wakati wowote atakapotaka hesabu aiambie tu. Bi Zuhura alilisoma jibu hilo mara mbili, akamwonyesha na jirani yake muuza nazi.

Jumatano asubuhi alikuja Bi Rehema, mpishi wa shughuli, ambaye wamefahamiana miaka mingi. Alikuwa na walima wa Jumamosi. Alitaka mchele wa Kyela kilo 80, bizari nyembamba kilo moja, mdalasini nusu kilo, na iliki robo kilo. Alitaka jumla yake pale pale, kwa sababu wenye shughuli walikuwa wakimsubiri awatajie gharama.

Siku nyingine Bi Zuhura angepiga hesabu hiyo kichwani huku akifunga mfuko wa mteja mwingine. Safari hii aliona ni nafasi ya kumtumia msaidizi wake mpya. Alifungua simu, akabonyeza palipomwelekea kidole, akaiagiza programu ipige hesabu ya bidhaa hizo nne kwa bei zake za jumla. Haukupita muda jedwali likatokea, limepangwa safu kwa safu: mchele shilingi 2,700 kwa kilo, bizari nyembamba 20,000, mdalasini 15,000, iliki 50,000, jumla yote shilingi 256,000. Watu watatu walikuwa wakisubiri mezani. Bi Zuhura aliitazama ile jumla ya chini, akamtajia Bi Rehema, na Bi Rehema akampigia mama wa bibi harusi, wakakubaliana. Arbuni ya shilingi 100,000 ikaingia katika simu ya Bi Zuhura kabla ya adhuhuri.

Kosa lilionekana alasiri, alipofungua daftari la manunuzi ili ajue apeleke Tandale kiasi gani. Mchele huo yeye hununua kwa 2,850. Kilo 80 ni shilingi 228,000. Naye amekwisha kuuza kilo hizo hizo kwa 216,000.

Alimpigia Idrisa, naye akaja moja kwa moja kutoka chuoni, begi likiwa bado mgongoni.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Nani kaigusa simu yangu?”

“Hakuna aliyeigusa. Kwani kuna nini?”

“Jana niliipa bei zangu zote, 41. Ikaniahidi itazikumbuka. Leo imenitajia bei za watu wengine. Mchele wangu wa jumla ni 3,000, haujawa 2,700 mwaka huu. Iliki yangu ni 80,000. Nani kaja usiku akazibadili?”

Idrisa aliichukua simu, akatazama, akaelewa. Alimweleza kuwa hakuna aliyebadili kitu. Asubuhi shangazi yake alibonyeza alama ya kuanzisha mazungumzo mapya, na katika mazungumzo mapya zile bei za jana hazipo. Programu ya namna hii, alisema, haina kichwa kinachotembea nacho kutoka siku hadi siku. Kila inapotumiwa ujumbe, huwekewa mbele yake maandishi yote ya mazungumzo yale, kuanzia mstari wa kwanza, nayo huyasoma yote upya ndipo ikatunga jibu. Kilichomo katika maandishi hayo inakijua. Ukifungua ukurasa mpya, umeiwekea karatasi tupu.

“Ni kama mzani wako, shangazi. Ukishaushusha mzigo, mzani hauna habari tena kwamba ulipima nini.”

“Mzani haujapata kuniahidi kitu,” alisema Bi Zuhura. “Huu uliniahidi. Kwa Kiswahili. Jirani ni shahidi.”

Muuza nazi alitikisa kichwa kuthibitisha.

Hapo Idrisa alinyamaza kidogo, na mwandishi wa safu hii anamwelewa, kwa kuwa hoja ya shangazi yake ina uzito. Chombo kikikosa kumbukumbu si ajabu. Ajabu ni chombo kisicho na kumbukumbu kusema kwamba kinayo. Kwa nini kiseme?

Idrisa alijaribu njia nyingine. Programu hii, alisema, imefundishwa kwa maandishi mengi mno ya wanadamu, na kazi yake ni kutunga maneno yanayoelekea kufuata baada ya maneno iliyopewa. Wanadamu wakikabidhiana orodha, na mmoja akasema nitunzie, mwenzake hujibu nimeitunza, usiwe na wasiwasi. Basi nayo ilitunga jibu linalofaa mahali pale. Lakini nyuma ya jibu hilo hapakuwa na mkono uliochukua orodha na kuitia kabatini. Neno lilitoka, tendo halikufuata, na programu yenyewe haikuwa na njia ya kujua kwamba halikufuata.

“Kwa hiyo ilisema uongo.”

“Mwongo anaujua ukweli halafu anauficha, shangazi. Hii haikuwa na ukweli wa kuficha.”

Bi Zuhura hakuridhika. Akaivuta simu, akateremka katika orodha iliyo pembeni ya ukurasa, akayaona mazungumzo ya Jumanne. Akayafungua. Bei zake zote zilikuwamo, kutoka choroko hadi ufuta. Akaiuliza humo humo bei ya jumla ya mchele wa Kyela, nayo ikajibu 3,000, sawasawa.

“Umeona? Inakumbuka! Inanifanyia jeuri tu.”

“Humo imesoma,” alisema Idrisa. “Karatasi ya jana iko mbele yake. Ukitaka kujua tofauti ya kusoma na kukumbuka, njoo tuitege.”

Akafungua mazungumzo mapya, akamwomba shangazi yake aulize bei yake ya zafarani. Bi Zuhura hauzi zafarani, wala hajapata kuiuza, na Jumanne hakuitaja. Programu haikusita. Ilileta bei ya rejareja na ya jumla, kwa gramu, ikaziita bei zake, na mwishoni ikamtakia biashara njema.

Muuza nazi alicheka mpaka akakaa chini. Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa amekodoa macho kwenye ile bei ya zafarani, na kwa mara ya kwanza aliacha kutaja ahadi.

Mtego huu unafaa kushikwa na kila mwenye kutumia vyombo hivi. Kusahau kwenyewe si hatari kubwa; mtumishi aliyesahau akisema nimesahau, utamkumbusha. Hatari ni kwamba pengo la kumbukumbu hujazwa kwa kitu kinachofanana na kweli. Bei ya 2,700 haikuwa ya kipuuzi. Ni bei ambayo mtu angeweza kuisikia katika soko fulani, mwezi fulani. Laiti programu ingesema shilingi 500 au 50,000, Bi Zuhura angeshtuka papo hapo. Zipo programu ambazo katika hali kama hiyo hukiri kuwa hazina orodha na huomba ziletewe, na hata hii moja huenda siku nyingine ikakiri. Lakini hakuna alama katika sura ya jibu inayotofautisha bei iliyosomwa na bei iliyobuniwa. Jedwali ni lile lile na adabu ni ile ile. Njia ya kujua ni kuiuliza kitu ambacho una hakika hukuipa, au kudai ikunukulie orodha yote kabla ya kuiachia hesabu.

“Lakini mbona ilijua kuwa nauza nafaka?” aliuliza Bi Zuhura. “Leo asubuhi sikuiambia. Ilinisalimu kama mfanyabiashara wa Magomeni. Hilo ililitoa wapi, ikiwa haikumbuki?”

Swali hilo lilimfanya Idrisa aingie katika mipangilio ya programu. Humo palikuwa na sehemu ya kumbukumbu, na kumbe ilikuwa imewashwa. Akaifungua, wakasoma wote wawili. Palikuwa na mistari mitatu tu: kwamba mtumiaji ni mfanyabiashara wa nafaka na viungo Magomeni, kwamba hupenda kujibiwa kwa Kiswahili, kwamba binti yake humsaidia dukani. Bei haikuwamo hata moja.

Hapo mambo yakawa wazi. Baadhi ya programu hizi zimewekewa kijidaftari cha pembeni, ambamo hutiwa maneno machache kumhusu mtumiaji, na maneno hayo huwekwa juu ya kila ukurasa mpya kabla mtu hajaandika lolote. Kijidaftari hicho ni kifupi, na mtumiaji si lazima aulizwe nini kiandikwe. Katika nusu saa ya maneno ya Bi Zuhura kilichoonekana cha kutunzwa ni kazi yake, lugha yake na binti yake. Orodha ya bidhaa 41 iliachwa. Na hicho kidogo kilichotunzwa ndicho kilichompoteza zaidi: aliposalimiwa kwa biashara yake aliamini kuwa anayemsalimu anaijua biashara yote.

Mwandishi wa safu hii ni katibu wa kamati ya msikiti, na makatibu wanalijua jambo hili kwa namna yao. Mtu anaweza kusema kikaoni kwamba suala fulani limechukuliwa, na wote wakaondoka wameridhika. Mwezi ujao kitabu cha kumbukumbu kikifunguliwa, na jambo lenyewe halimo, hakuna wa kulaumiwa ila aliyedhani kwamba kusema ni kuandika.

Idrisa alimwonyesha shangazi yake namna ya kupima ahadi ya aina ile. Programu ikisema imehifadhi, usibishane nayo wala usiishukuru; nenda kwenye mipangilio, fungua sehemu ya kumbukumbu, usome kwa macho yako kilichoandikwa. Kama hakimo, usihesabu kwamba kimehifadhiwa, hata ikirudia ahadi mara kumi. Halafu fungua ukurasa mpya uulize. Hayo hayafiki dakika mbili.

“Basi nitakaa katika ukurasa ule ule wa Jumanne, sifungui mwingine,” alisema Bi Zuhura.

“Hata huo una mwisho wake. Mazungumzo yakirefuka sana, programu haiwezi kuyasoma yote kwa mara moja, na ya mwanzo ndiyo yanayoachwa kwanza. Bei zako ziko mwanzoni. Tena, Tandale wakipandisha mchele kesho, ukaandika bei mpya chini, ukurasa mmoja utakuwa na bei mbili za kitu kimoja. Leo itachukua hii, kesho ile.”

Bi Zuhura aliguna. Hilo la bei mbili alilielewa upesi kuliko yote, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimpata Mwajuma.

Wakaketi kufanya lililopaswa kufanywa tangu mwanzo. Idrisa alisoma orodha ya Jumanne kutoka kwenye simu, bidhaa moja baada ya nyingine. Bi Zuhura aliikubali au aliirekebisha, na Mwajuma aliandika katika daftari jipya, tarehe ikiwa juu ya ukurasa. Marekebisho yalikuwa matatu, kwani simu ilisikia vibaya: kunde zilikuwa zimeandikwa bei ya dengu, na mara mbili elfu moja ilikuwa imepotea njiani. Kisha Idrisa akaiandika orodha hiyo hiyo katika sehemu ya maandishi ya kawaida ya simu, ile isiyotunga kitu. Wakakubaliana kwamba atakayetaka hesabu kutoka kwa programu ataanza kwa kuinakili orodha hiyo yote na kuibandika juu ya ukurasa mpya, na jumla ya mwisho itapigwa kwa kikokotoo.

Ilibaki habari ya Bi Rehema.

Mwajuma alisema apigiwe simu aelezwe. Ni mtu mwelewa. Idrisa naye alikuwa na hoja: bei ilitajwa kwa makosa ya chombo, na mzigo bado haujatoka. Wakapiga hesabu kwanza. Kwa bei halisi za Bi Zuhura, mchele ni 240,000, bizari nyembamba 18,000, mdalasini 8,000, iliki 20,000, jumla 286,000. Manunuzi yake ni 266,500. Angepata faida ya shilingi 19,500. Kwa bei zilizotajwa, 256,000, anapata hasara ya 10,500.

“Bi Rehema alizungumza na programu?” aliuliza Bi Zuhura.

“Hapana.”

“Alizungumza na nani?”

Hakuna aliyejibu.

“Alizungumza na mimi. Nikamtajia, akawatajia wenye shughuli, wakatoa fedha. Leo nimwambie nini, kwamba iliyoahidi ni simu?”

Akarudisha macho kwenye jedwali, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama penye bizari nyembamba. Programu ilikuwa imeitaja 20,000, naye huiuza 18,000. Bidhaa moja katika nne ilikuwa imepandishwa.

“Hii nimemzidishia,” alisema. “Elfu mbili.”

“Lakini shangazi, katika mchele na iliki umempunguzia 31,500. Hiyo elfu mbili si imo humo?”

“Haimo. Iliyopungua niliitaja mwenyewe, nitaibeba. Iliyozidi si bei yangu. Nimemwambia ni bei zangu.”

Akachukua simu, akamwandikia Bi Rehema kwa mkono wake, bila msaada wa programu yoyote. Alimwambia kwamba bizari alimkosea, kwamba jumla ni 254,000 na iliyobaki ni 154,000, na kwamba mzigo utafika Ijumaa baada ya swala. Habari ya mchele hakuitaja. Bi Rehema alijibu kwa dua, kisha akauliza kama anaweza kupata kilo 20 nyingine za mchele kwa bei ile ile.

Bi Zuhura alilitazama swali hilo, akavuta pumzi, akaandika kuwa hizo zitakuwa 3,000. Bi Rehema akasema sawa.

Alhamisi alfajiri Bi Zuhura alikuwa Tandale. Mchele wa Kyela ulikuwa umepanda kwa shilingi 50 kwa kilo. Aliporudi alikata mstari wa bei ya zamani katika daftari, akaandika mpya pembeni pamoja na tarehe, akambadilishia Mwajuma na ile iliyo katika simu. Kisha, kwa udadisi tu, alifungua programu, akabandika orodha, akaiagiza iikumbuke mpaka kesho. Ikajibu kwa adabu ile ile ya Jumanne. Mwajuma alichungulia begani kwa mama yake, akaulizia iliki robo kilo ni kiasi gani, kwani kuna mteja.

“Daftari hilo hapo,” alisema Bi Zuhura.